Kutunga Kijitabu cha Kuchagua Njia: Ramani ya Vifungu 17 Kutoka Stendi ya Moshi Hadi Arusha

Hadithi ya kuchagua njia haisomwi kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Msomaji anafika mahali, anaulizwa afanye nini, kisha anaelekezwa: ukipanda Kosta nenda kifungu cha 9, ukipanda Noah nenda kifungu cha 14. Edward Packard alitoa kitabu chake cha kwanza cha aina hii Marekani mwaka 1976, na kuanzia 1979 mtindo huo ukageuka mfululizo uliosomwa dunia nzima. Kutunga sentensi zake si kazi ngumu. Kinachowashinda wengi ni ramani, yaani kujua muda wote nani anatoka wapi, anafika wapi, na akifika ameshajua nini.

Mwongozo huu unafuata kijitabu kimoja tangu wazo mpaka nakala iliyopigwa stepla. Kina vifungu 17, kinaingia kwenye karatasi 5 za A4, na kinawafaa wasomaji wa miaka kumi na kuendelea. Hadithi yenyewe ni hii: bibi yako wa Kibosho amekukabidhi bahasha yenye karatasi za kihamba cha familia. Uifikishe kwa wakili Arusha kabla ofisi haijafungwa saa kumi alasiri. Sasa hivi ni saa sita mchana, upo stendi ya Moshi, kwapani una bahasha na mkononi una kikapu cha parachichi alichokufungashia bibi.

Umbo kwanza, hadithi baadaye

Anayeanza kutunga hivi hupanua matawi. Kila njia panda inazaa vifungu viwili, na kila kifungu kinazaa viwili vingine. Piga hesabu kabla hujaandika chochote. Ukitaka msomaji achague mara tano kwa mtindo huo, utaandika 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32, yaani vifungu 63, na yeye katika safari moja atasoma 6 tu. Kazi yako yote imelala kwenye kurasa ambazo huenda asizifungue kamwe, tena kila mwisho unatoka mfupi kwa sababu mwandishi ameshachoka.

Dawa yake ni makutano. Njia zinaachana, kila moja inapita kwenye tukio lake, kisha zinarudi mahali pamoja. Machaguo matano yale yale, kila moja likigawanyika mara mbili na kuungana tena, yanahitaji vifungu 16 tu: vitano vya kuchagua, kumi vya matukio na kimoja cha kumalizia. Msomaji atasoma vifungu 11 kwa safari moja, na bado kuna njia 32 tofauti za kupita. Ndiyo maana mimi nasema makutano ndiyo moyo wa kijitabu cha namna hii, na ndipo vijitabu vingi vinapoharibikia. Nitakaa hapo kwa muda mrefu zaidi.

Barabara ya Moshi kwenda Arusha inasaidia sana kwa jambo hili, maana ni moja. Uondokee kwa Kosta au kwa Noah, utapita Boma Ng'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru. Ni kilomita 80 hivi, na mahali pa kuwakutanisha wasomaji wote pameshapangwa na barabara yenyewe.

Kadi mezani

Chukua karatasi tatu za manila za A4. Kunja kila moja mara tatu, kata kwenye mikunjo, utapata kadi 24. Kumi na saba ni za vifungu, zilizobaki ni za akiba. Juu ya kila kadi andika jina fupi la kifungu, wala usiweke namba. Namba zinakuja mwishoni kabisa. Ukizitoa mapema, kila kifungu kitakachoongezeka kitakuvuruga. Chini ya jina andika mistari miwili ya kinachotokea, na chini kabisa kadi inakoelekea.

Panga kadi sakafuni au kwenye meza kubwa, mwanzo ukiwa kushoto. Mishale ichore kwa chaki, au kwa penseli juu ya karatasi kubwa utakayotandika chini ya kadi. Uzi wa kushonea pia unafaa, ila upepo ukivuma umekwisha.

Kadi za kijitabu chetu ni hizi. *Stendi* inakupa kuchagua *Kosta* au *Noah*. Ndani ya Kosta mzee aliyekaa pembeni yako anauliza umebeba nini. Ukimwonyesha bahasha unakwenda *Mzee*, ukimwambia ni karatasi za shule unakwenda *Kimya*. Noah nayo inasimamishwa na askari pale Kikatiti kwa kuzidisha abiria, nanyi mnashushwa. Ukisubiri gari jingine unakwenda *Kusubiri*, ukichukua bodaboda unakwenda *Boda*. Bodaboda inakutana na mvua karibu na Maji ya Chai: mkijisitiri mnaendelea baadaye, mkiipiga hivyo hivyo bahasha inalowa, na huo ni mwisho tutakaouita *Mvua*.

Walionusurika wote wanakutana *Tengeru*. Ni siku ya soko na magari hayaendi. Unaweza kukatiza *Sokoni* au kufuata *Barabarani*. Sokoni kijana anakupora kikapu cha parachichi. Ukimkimbiza, bahasha inakuponyoka kwapani na kupotelea kwenye umati, huo ni mwisho wa *Kukimbiza*. Ukimwacha aende zake, unafika *Mjini*, ambako pia anafika aliyefuata barabara.

Mjini ni saa tisa na nusu. Anwani iliyoandikwa kwenye bahasha inakupeleka karibu na Mnara wa Saa, lakini wakili alishahamia Kilombero. Mwenye habari hiyo anakwenda moja kwa moja *Kilombero* na kuikuta ofisi wazi, huo ndio mwisho mwema. Asiyejua anafika *Mnara wa Saa* na kukuta mlango una kufuli. Akimuuliza mlinzi anaelekezwa, anafika wakili akifunga, anaambiwa arudi asubuhi, hivyo analala kwa shangazi Sakina. Mwisho huo tuuite *Kesho*. Akikata tamaa bila kuuliza, anapanda gari la kurudi, na mwisho huo ni *Kurudi*.

Hesabu kadi: kumi na saba. Hesabu mishale: ishirini. Miisho ni mitano. Andika namba hizo tatu pembeni ya ramani, zitakusaidia baadaye kukagua.

Kuhesabu njia kwa kujumlisha

Hii ni hatua ambayo watu wengi wanairuka, nayo inachukua dakika tano. Kwenye kona ya kadi ya Stendi andika 1. Kisha fuata mishale. Kila kadi inapokea jumla ya namba za kadi zote zinazoingia kwake. Kosta inapata 1, Noah 1, Mzee 1, Kimya 1, Kusubiri 1, Boda 1. Tengeru inaingiwa na mishale minne, kwa hiyo inapata 4. Sokoni 4, Barabarani 4, na Mjini inapokea kutoka kote kuwili, yaani 8.

Sasa tazama hao wanane wa Mjini. Katika ramani yangu ya kwanza, mtu pekee aliyejua kuwa ofisi imehama alikuwa mzee wa kwenye Kosta. Waliopita kwa Mzee ni wawili kati ya wanane, mmoja kwa Sokoni na mmoja kwa Barabarani. Hao wawili wanakwenda Kilombero. Sita waliobaki wanakwenda Mnara wa Saa, halafu wanagawanyika: njia sita zinaishia Kesho na sita Kurudi. Ongeza njia 4 za Kukimbiza na 1 ya Mvua. Jumla ni 19, na kati ya hizo 2 tu zinafika kwenye mwisho mwema.

Uchache peke yake haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba aliyechagua Noah kwenye ukurasa wa kwanza ameshapoteza mwisho mwema hapo hapo, kabla ya kufanya kosa lolote. Atazunguka, atakuwa mwangalifu, atamwacha mwizi aende, na bado hawezi kufika. Kwa msomaji huo ni mtego ambao hakuonyeshwa. Kama hukuhesabu hungeliona hilo, kwa sababu kila kifungu ukikisoma peke yake kiko sawa.

Marekebisho yalikuwa madogo. Kwenye Kusubiri yupo mama anayeuza ndizi kando ya barabara. Nilimfanya aone jina la wakili kwenye bahasha na kusema, "Huyu si alishahamia Kilombero, mwanangu? Juzi tu nimepeleka makaratasi yangu huko." Mshale mpya haukuhitajika, wala kadi mpya. Sasa wenye habari ni waliopita kwa Mzee na waliopita kwa Kusubiri, njia nne kati ya nane. Ukihesabu upya: Kilombero 4, Kesho 4, Kurudi 4, Kukimbiza 4, Mvua 1. Jumla 17. Na wa Kosta na wa Noah kila mmoja ana nafasi yake.

Kifungu cha makutano

Tengeru inasomwa na watu wa aina nne. Wa kwanza ameongea na mzee akajua habari ya ofisi. Wa pili amemficha mzee huyo huyo. Wa tatu ameshushwa kwenye Noah, akasubiri, akachukuliwa na gari jingine. Wa nne ametoka kwenye mvua juu ya pikipiki. Maneno utakayoandika lazima yawe kweli kwa wote wanne.

Ona rasimu hii, ambayo kwa haraka inaonekana haina tatizo:

*Kosta inasimama. Mbele yako kuna foleni ndefu ya magari, na konda anasema leo ni siku ya soko. Unamuaga mzee na kushuka.*

Wa bodaboda hana Kosta wala konda, na wa Noah hajawahi kumwona mzee. Mtoto akisoma hapo anasimama, anarudisha ukurasa, anadhani amefungua namba isiyo yake. Hiyo ndiyo dalili ya makutano mabovu: msomaji anarudi nyuma kuhakiki namba. Rasimu iliyonusurika ni hii:

*Tengeru. Magari yamesimama mpaka upeo wa macho, na pande zote za barabara watu wamebeba mikungu, madumu na kuku. Leo ni siku ya soko. Ukikaa hapa saa kumi itakukuta hapa. Unalipa nauli, unashuka, unaibana bahasha vizuri kwapani.*

"Unalipa nauli, unashuka" inamfaa wa Kosta, wa gari jingine na hata wa pikipiki, ilimradi hakuna kifungu cha nyuma kilichokwishasema nauli imelipwa. Hilo nalo linakaguliwa. Namna ya kukagua ni moja, nami sijaona ya mkato: chukua kila kadi inayoingia kwenye makutano, soma aya yake ya mwisho kwa sauti, kisha soma makutano bila kupumzika. Kwa Tengeru utasoma mara nne. Kwa Mjini mara mbili, lakini hapo kuna mtego mwingine.

Mtego ni kikapu. Aliyepita Sokoni hana tena parachichi, aliyepita Barabarani bado anazo. Kuanzia Mjini na kuendelea, kikapu hakiwezi kutajwa popote, hata kwenye mwisho mwema. Mimi nilitamani sana wakili apewe parachichi pale Kilombero, lakini nusu ya wanaofika wangempa kitu ambacho kimeshaporwa. Kwa hiyo kwenye kila kadi ya makutano andika upande wa nyuma orodha mbili: vitu vilivyo kweli kwa wote, na vitu vilivyo kweli kwa baadhi. Orodha ya pili ndiyo ya marufuku.

Muda pia unakaa kwenye orodha ya marufuku. Wa Kosta na wa bodaboda hawakufika Tengeru dakika moja. Ndiyo maana Tengeru haitaji saa, inasema tu kuwa ukikaa utachelewa. Saa inatajwa Mjini, ambako tayari foleni na miguu vimewafanya wote kuwa sawa.

Na jinsia ya msomaji. Kiswahili kinatupa nafuu hapa, kwa kuwa "unashuka" ni yake msichana na ni yake mvulana. Tunaiharibu wenyewe kwenye mazungumzo. Mzee akisema "binti yangu", nusu ya wasomaji wametolewa nje ya hadithi. Mwache aseme "mjukuu wangu", konda aseme "mdogo wangu", mama wa ndizi aseme "mwanangu".

Neno la kukumbuka

Pale Mjini kitabu kinahitaji kujua nani ana habari za Kilombero. Karatasi haina kumbukumbu, kwa hiyo msomaji ndiye anayeitunza. Kwenye Mzee na kwenye Kusubiri, mwishoni kabisa, andika: *Andika neno TWIGA kwenye karatasi yako.* Mjini malizia hivi: *Kama umeandika neno TWIGA, nenda 13. Kama hujaliandika, nenda 11.*

Neno lisiwe na uhusiano wowote na linachofungua. Ukiandika OFISI au KILOMBERO, msomaji ambaye hakulipata akilisoma Mjini atakuwa ameshaambiwa siri yote. Na maneno yasizidi mawili au matatu kwa kijitabu cha ukubwa huu, maana kila neno linamtoa msomaji kwenye safari na kumrudisha kwenye kalamu. Kama jambo moja tu linatofautisha wasomaji, na unaweza kulimaliza kabla ya makutano, limalize huko huko.

Mwisho wa ghafla

Mvua na Kukimbiza ni njia zilizofungwa. Watoto wanazipenda kuliko tunavyodhani, ilimradi zisiwe za uonevu. Kipimo changu ni kwamba msomaji akirudi kifungu kimoja nyuma aone palipokuwa na onyo. Kifungu cha Boda kinasema hivi:

*Mawingu yameshuka kutoka Meru mpaka yanagusa migomba. Bahasha umeibana ndani ya shati. Mfuko wa nailoni umebaki Kibosho. "Mdogo wangu," anasema dereva, "tujisitiri kwenye kibanda pale, au tuipige tu?"*

Onyo liko mara mbili, kwenye mawingu na kwenye mfuko wa nailoni. Aliyelowesha bahasha ana la kujilaumu, na anarudi kujaribu tena. Kama onyo lisingekuwepo, kuchagua kungekuwa kurusha shilingi.

Mwisho wa ghafla uandikwe kwa ukamilifu kama mwisho mwingine wowote. Mistari miwili ya "Umeshindwa. Anza upya" ni kumdharau aliyefika hapo. Andika wino unavyosambaa, andika muhuri wa kijiji unavyogeuka doa la zambarau, na bibi atakachosema ukimpigia simu. Kwenye ukurasa wa A5, maneno 120 hadi 150 yanatosha kwa kila kifungu, na miisho ipewe kiasi hicho hicho.

Jambo moja la kuepuka kwenye kijitabu cha kwanza ni mshale unaorudi nyuma, mfano kutoka Mnara wa Saa kurudi Mjini. Mara tu njia inapozunguka, hesabu ya kujumlisha haifanyi kazi tena, saa tisa na nusu inasomwa mara mbili, na msomaji anaweza kuzunguka bila kutoka.

Kuchanganya namba

Sasa ndipo namba zinaingia. Stendi inabaki 1. Nyingine zinachanganywa ili anayepekua asiweze kuifuata hadithi kwa macho. Kuna masharti mawili. Kifungu kisifuatiwe mara moja na kifungu kinakoelekea. Na vifungu viwili vinavyotazamana kitabu kikiwa wazi visiwe na mshale kati yao.

Katika kijitabu chetu jalada ni ukurasa wa 1, maelekezo ni ukurasa wa 2, hivyo kifungu cha 1 kiko ukurasa wa 3. Wanaotazamana ni 2 na 3, 4 na 5, 6 na 7, kuendelea hivyo hadi 16 na 17. Nilipogawa namba nilianza na mwisho mwema, kwa sababu ndio unaoumia zaidi ukionekana mapema. Usikae karibu na Tengeru, ambapo karibu kila mtu anapita. Niliuweka 13, ukitazamana na Kimya, ambacho wanakisoma wachache. Tengeru ikapewa 10, na jirani yake 11 ni Mnara wa Saa, ambao si mwisho, kwa hiyo jicho likipotea halina cha kuiba.

Ramani yote ikawa hivi:

```
1  Stendi         > 9, 14
2  Kesho          MWISHO
3  Barabarani     > 7
4  Mzee           > 10   (TWIGA)
5  Kukimbiza      MWISHO
6  Boda           > 10, 16
7  Mjini          > 13, 11
8  Kurudi         MWISHO
9  Kosta          > 4, 12
10 Tengeru        > 15, 3
11 Mnara wa Saa   > 2, 8
12 Kimya          > 10
13 Kilombero      MWISHO
14 Noah           > 17, 6
15 Sokoni         > 5, 7
16 Mvua           MWISHO
17 Kusubiri       > 10   (TWIGA)
```

Kagua kwa penseli. Kila namba kuanzia 2 hadi 17 lazima ionekane upande wa kulia angalau mara moja. Isiyoonekana ni kifungu yatima: kimeandikwa, kimechapwa, na hakuna anayeweza kukifikia. Packard alikifanya hivyo kwa makusudi katika kitabu chake kimoja cha 1982, ambacho kina sehemu isiyofikiwa kwa chaguo lolote, ila kwa kulivunja sharti na kupekua. Kwako wewe itakuwa bahati mbaya. Kisha hesabu namba zote za upande wa kulia. Zinapaswa kuwa 20, sawasawa na mishale uliyoiandika pembeni ya ramani. Zikiwa 19, umesahau mshale mmoja wakati wa kunakili, na mara nyingi ni lile chaguo la pili la kifungu chenye njia mbili.

Kuchapa

Kurasa 20 za A5 ni karatasi 5 za A4 zilizokunjwa katikati: jalada, maelekezo, vifungu 17 na jalada la nyuma. Kwenye kila uso wa karatasi, kurasa mbili zinazokaa pamoja zinajumlisha 21, yenye namba ya witiri ikiwa kulia. Karatasi ya nje ina 20 na 1 upande mmoja, 2 na 19 upande wa pili. Inayofuata ina 18 na 3, kisha 4 na 17. Ya katikati kabisa ina 12 na 9, kisha 10 na 11.

Ukienda steshenari mwambie fundi karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ikigeuzwa kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini. Toa nakala moja kwanza, ikunje, fuata njia yote ya Kosta na yote ya Noah, ndipo utoe nyingine. Kama stepla ya pale haifiki katikati ya karatasi, sindano na uzi kwenye matundu matatu vinashika vizuri zaidi.

Kuipeleka kwenye simu

Ramani hii hii inaingia kwenye Twine, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009. Unaweza kuitumia kwenye kompyuta au moja kwa moja kwenye twinery.org. Kila kifungu ni kisanduku, na ukiandika kiungo kwenye mabano mawili ya mraba inakuchorea mshale yenyewe:

```
[[Panda Kosta->Kosta]]
[[Panda Noah->Noah]]
```

Neno TWIGA sasa linatunzwa na programu. Kwa mtindo wa Harlowe, ambao Twine huanza nao, andika mstari wa kwanza kwenye Stendi, wa pili kwenye Mzee na Kusubiri, na miwili ya mwisho Mjini:

```
(set: $twiga to false)
(set: $twiga to true)
(if: $twiga is true)[ [[Endelea->Kilombero]] ]
(else:)[ [[Endelea->Mnara wa Saa]] ]
```

Msomaji wa simu haoni masharti, anaona "Endelea" tu, na siri inatunzwa vizuri kuliko kwenye karatasi. Ukimaliza unapata faili moja la HTML linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Angalizo moja: ukitumia Twine ndani ya kivinjari, kazi yako inakaa kwenye kumbukumbu ya kivinjari hicho. Ukifuta data zake, hadithi imekwenda. Hifadhi nakala kila siku unapofunga kazi. Na Twine haikukemei ukiwa na kifungu yatima, wewe ndiye wa kutafuta kisanduku kisichoingiwa na mshale.

Kumsomesha mtu mwingine

Mpe kijitabu mtoto ambaye hajaona ramani, pamoja na penseli, na umwombe aandike kila namba anayofika. Kaa kimya pembeni. Ukurasa anaokaa muda mrefu huenda una chaguo lisiloeleweka. Anaporudi nyuma kuangalia namba, kuna makutano yanayosema uongo. Akiuliza "kwa nini?" baada ya mwisho wa ghafla, onyo halikuonekana. Karatasi za wasomaji watatu au wanne ukiziweka juu ya ramani zitakuonyesha pia chaguo ambalo halichaguliwi na mtu yeyote. Kwetu lilikuwa Kurudi: hakuna mtoto aliyekubali kuondoka bila kumuuliza mlinzi. Tulimfanya mlinzi awe amelala na mvua ianze kunyesha, na tangu hapo wapo wanaorudi.

Ukigundua baada ya haya yote kwamba unahitaji kifungu kingine, usichanganye namba upya. Kipe 18 na ukiweke kwenye jalada la nyuma, ukurasa wa 20, kisha rekebisha mshale mmoja tu unaokwenda huko. Hakikisha si mwisho mwema, maana jalada la nyuma ndilo la kwanza kuonekana kitabu kikilala mezani kifudifudi.